Mkataba wa anga wa kubana, wa huria au wa bara zima: nchi zetu zisaini upi na nani?

Tarehe 15 Januari 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ilitoa taarifa iliyowashtua waliokuwa wameshakata tiketi. Kuanzia tarehe 22 mwezi huo, Kenya Airways isingeruhusiwa tena kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Ungedhani wamegombania nauli au abiria. Kumbe ugomvi ulikuwa wa mizigo. Tanzania iliomba ndege ya mizigo ya Air Tanzania iruhusiwe kuchukua shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu, Kenya ikakataa, na TCAA ikasema kukataa huko kunavunja kifungu cha 4 cha hati ya makubaliano iliyosainiwa Nairobi tarehe 24 Novemba 2016.

Siku iliyofuata January Makamba, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, na mwenzake Musalia Mudavadi wa Kenya wakatangaza kwamba wamezungumza na jambo limekwisha. Air Tanzania ikapewa ilichoomba, na katazo la Kenya Airways likafutwa kabla ya kufika tarehe yake.

Katika siku hizo mbili watu wengi waliuliza: kwa nini nchi hizi zisifungue anga, kila mwenye ndege akaruka anakotaka? Swali ni zuri, ila "kufungua anga" si jambo moja. Kuna mikataba ya namna tatu ambayo nchi inaweza kuchagua, kila mmoja unatoa kitu tofauti na kumwachia mtu tofauti faida. Nitailinganisha hapa nikitumia njia za kwetu, kisha niseme mimi ningesaini upi na nani.

Kwa nini ndege inahitaji mkataba kwanza

Mzizi wa yote ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944. Kifungu chake cha 1 kinasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 6 kinaongeza kwamba hakuna safari za ratiba za kimataifa zitakazopita juu ya nchi au kuingia ndani yake bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Kwa hiyo pa kuanzia ni katazo, na ruhusa ndiyo inayotafutwa. Meli ya biashara inaweza kupita mbele ya pwani ya watu bila kuomba ruhusa. Ndege haina nafuu hiyo.

Pale Chicago, Wamarekani walitaka ruhusa zote zitolewe kwa pamoja. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na wao ndio waliokuwa na ndege kubwa za masafa marefu. Waingereza, ambao viwanda vyao vilikuwa vimeshughulika na ndege za kivita, waliona wakikubali watamezwa. Hawakuelewana. Wakagawa ruhusa hizo vipande vipande, wakaviita uhuru wa anga, na kila nchi ikaachiwa ipatane na mwenzake ni vipande vipi itoe.

Tuchukue Kenya Airways kama mfano. Uhuru wa kwanza ni kupita juu ya Tanzania bila kutua. Wa pili ni kutua kwa ajili ya mafuta au matengenezo, bila kushusha wala kupakia abiria wa kulipa. Wa tatu ni kumtoa abiria Nairobi na kumshusha Dar. Wa nne ni kumchukua wa Dar na kumpeleka Nairobi. Barua ya TCAA ya 2024 ilifuta hasa hizi mbili za mwisho.

Uhuru wa tano ndio wenye kelele. Hapo ndege ya Kenya inatoka Nairobi, inatua nchi ya pili, inachukua abiria wapya wa hapo na kuwapeleka nchi ya tatu. Kenya Airways imewahi kuutumia kwa kupitia Victoria Falls kwenda Cape Town: mtalii aliyemaliza kutazama maporomoko aliweza kununua kiti cha kwenda Cape Town tu, bila kukanyaga Nairobi.

Wa sita ni mjanja zaidi. Abiria wa Dar anapandishwa kwa uhuru wa nne hadi Nairobi, kisha anatolewa Nairobi kwa uhuru wa tatu hadi London. Kwenye karatasi ni safari mbili halali, kwenye tiketi ni moja. Mikataba mingi haiutaji kabisa, na ndio uliozijenga Emirates, Qatar Airways na Ethiopian. Upo wa saba, wa kuruka kati ya nchi mbili za watu bila kugusa kwenu, na juu yake zipo zile za kubeba abiria wa ndani ya nchi ya mtu, ambazo karibu kila serikali inazifungia. Ndiyo maana shirika la kigeni likitua Kilimanjaro kisha likasogea Dar na ndege ileile, huwezi kununua kiti cha kipande hicho cha katikati, hata kama ndege imebaki nusu tupu.

Mkataba wa kubana

Mfano wake wa kihistoria ni ule uliosainiwa Bermuda mwaka 1946 kati ya Marekani na Uingereza, ulioigwa na nchi nyingi. Mikataba mingi ya Afrika iliyosainiwa baada ya uhuru ina sura yake. Serikali inataja shirika teule, mara nyingi moja tu kwa kila upande. Viwanja vinaandikwa kwa majina, idadi ya miruko kwa wiki inawekwa, na nauli huenda zikahitaji kukubaliwa na pande zote mbili.

Faida yake inaonekana haraka. Shirika changa lenye ndege tatu linajua kwamba jirani mwenye ndege thelathini hawezi kuleta miruko 40 kwa wiki na kulifuta sokoni. Hasara anaibeba abiria, maana miruko ikiwa michache na washindani wawili tu, nauli haina sababu ya kushuka.

Ubanaji si tabia ya nchi maskini peke yake. Mkataba wa pili wa Bermuda, wa 1977, uliruhusu mashirika mawili tu ya Marekani kutua Heathrow, uwanja mkuu wa London, kutokea kwao, na mawili ya Uingereza. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 30 Machi 2008, ulipoanza kazi mkataba wa anga huria kati ya Ulaya na Marekani. Kanada nayo iliibana Emirates kwenye miruko mitatu kwa wiki kwenda Toronto. Hoja yake ilikuwa kwamba abiria wengi wa ndege hizo hawakuwa wakienda Dubai bali waliunganisha kwenda mbele, yaani uhuru wa sita umevaa nguo za wa tatu na wa nne. Falme za Kiarabu hazikufurahi, na mwaka 2010 Kanada ikaondoshwa kwenye kambi ya kijeshi iliyokuwa ikiitumia huko. Kambi nzima ilikwenda kwa sababu ya viti vya ndege.

Mkataba wa anga huria

Huu unafuta hesabu. Shirika lolote la nchi hizo mbili litakaloteuliwa na serikali yake linaweza kuruka kutoka uwanja wowote wa kwao kwenda uwanja wowote wa mwenzake, mara linazotaka, kwa nauli linayotaka. Uhuru wa tano kwa kawaida umo ndani. Marekani ilianza na Uholanzi mwaka 1992 na tangu hapo imesaini na nchi nyingi duniani. Tanzania ilisaini nao 1999.

Na hapa ndipo wanaoimba "fungueni anga" wanapaswa kutulia kidogo. Tangu 1999 shirika la Tanzania lingeweza, kwa karatasi, kuruka Dar kwenda New York kila siku. Halijaanzishwa hata moja la kufanya hivyo. Haki ya kuruka haikupi ndege ya masafa marefu, wala haikupi abiria wa daraja la biashara, wala haikupitishi kwenye ukaguzi wa usalama. Kenya nayo ilikuwa na mkataba huria na Marekani, lakini ilisubiri hadi Februari 2017 ndipo mamlaka ya anga ya Marekani ikaipa daraja la kwanza la usalama, na ndege ya kwanza ya Kenya Airways kwenda New York bila kituo iliondoka Nairobi tarehe 28 Oktoba 2018. Ulaya ina orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia. Air Tanzania iliwekwa humo Desemba 2024, na Juni 2025 yakaongezwa mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Hakuna mkataba wa anga unaoshinda orodha hiyo.

Kizuizi kingine ni nafasi ya kutua. Heathrow ilipofunguliwa 2008, shirika la Marekani la Continental lilikuwa na haki ya kwenda, ila uwanja ulikuwa umejaa. Lililipa dola milioni 209 kupata jozi nne za nafasi za kutua na kuondoka. Mkataba ulikuwa bure, mlango ndio uliouzwa.

Mkataba wa bara zima

Mwaka 1999 mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro, Kodivaa, na kupitisha uamuzi unaobeba jina la mji huo. Unasema nchi za Afrika zipeane uhuru wote kuanzia wa kwanza hadi wa tano, bila kikomo cha miruko, bila kuombeana ruhusa ya nauli, na kila nchi iteue mashirika inayotaka. Ukisomwa ulivyoandikwa, ugomvi wa Januari 2024 usingekuwa na pa kuanzia.

Utekelezaji ulilala. Tarehe 28 Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika, nchi 23 zikiahidi kutekeleza kwa kweli. Kenya, Rwanda na Ethiopia zilikuwamo. Tanzania na Uganda hazikuwamo katika orodha hiyo ya mwanzo.

Tofauti yake kubwa na mikataba ya watu wawili, ambayo wengi hawaitazami, iko kwenye umiliki. Mkataba wa kawaida unataka shirika teule limilikiwe kwa sehemu kubwa na kuongozwa na raia wa nchi inayoliteua. Mwekezaji wa Nairobi hawezi kununua asilimia 80 ya shirika la Tanzania halafu shirika hilo likaendelea kutumia haki za Tanzania kwenda Johannesburg. Afrika Kusini ina haki ya kulikataa. Ndiyo sababu Kenya Airways ilipoingia Precision Air mwaka 2003 ilichukua asilimia 49 na si zaidi, na ndiyo sababu Ethiopian imebaki mbia mwenye hisa chache katika Asky, shirika la Lomé, Togo. Uamuzi wa Yamoussoukro unaangalia zaidi shirika limesajiliwa wapi na makao makuu ya shughuli zake yako wapi. Kwa nchi zisizo na matajiri wengi wa kununua ndege, kipengele hiki kinanivutia kuliko hata uhuru wa tano.

Kwa anayetaka kuiona yote mitatu kwa jicho moja:

| | Wa kubana | Wa huria | Wa bara zima |
|---|---|---|---|
| Mashirika | Moja au machache yaliyotajwa | Yoyote yaliyoteuliwa | Yoyote yaliyoteuliwa |
| Miruko | Idadi imeandikwa | Haina kikomo | Haina kikomo |
| Nauli | Huenda serikali zikaingilia | Shirika linapanga | Shirika linapanga |
| Uhuru wa tano | Hakuna, au pointi kwa majina | Kwa kawaida umo | Umo, ndani ya Afrika |
| Umiliki | Raia wa nchi husika | Mara nyingi raia wa nchi husika | Makao makuu ya shughuli |

Tuijaribu kwenye njia moja

Jedwali halionyeshi pesa, na pesa ndiyo inayoamua. Tuseme wewe una shirika dogo la Tanzania na ndege ya ATR yenye viti 70. Unataka kuruka Dar, Entebbe, Juba. Umepiga hesabu ukaona kila kipande kinahitaji abiria 45 ili mafuta, marubani na ada za viwanja vilipike. Kutoka Dar unajaza viti 65: abiria 40 wanashuka Entebbe, 25 wanaendelea Juba.

Kwa mkataba wa kubana usio na uhuru wa tano, ndege yako inaondoka Entebbe na watu 25. Wamo Entebbe watu 30 wanaotaka kwenda Juba asubuhi hiyohiyo, wanakutazama kupitia kioo, na huruhusiwi kuwauzia tiketi. Unapungukiwa nauli ya watu 20 ili tu ufikie gharama, na hasara hiyo inajirudia kila safari. Baada ya miezi michache utaifuta njia, na wale 25 wa Dar watalazimika kununua tiketi kwa shirika jingine.

Ukiwa na uhuru wa tano unawachukua wale 30, ndege inaruka na 55, njia inaishi. Lakini ona nani anaumia. Uganda Airlines inaruka Entebbe kwenda Juba, na abiria 30 uliowachukua ni wake. Serikali ya Uganda ikikunyima haina chuki na wewe. Inalinda kipande kifupi chenye abiria wa uhakika ambacho shirika lake linakitegemea. Ndivyo ilivyokuwa hata Italia. Emirates ilipoanza kuruka Milan kwenda New York Oktoba 2013, mashirika ya Italia yalikwenda mahakamani, na Aprili 2014 mahakama ya utawala ya Roma ikafuta kibali hicho, kabla Baraza la Dola la Italia, mahakama ya juu ya mambo hayo, halijairuhusu Emirates iendelee kuruka.

Tena kuna jambo linalosahaulika sana: ruhusa ya Uganda peke yake haitoshi. Uhuru wa tano una funguo mbili. Mkataba wa Tanzania na Uganda lazima uitaje Juba kama pointi ya mbele ya Entebbe, na mkataba wa Tanzania na Sudan Kusini lazima uitaje Entebbe kama pointi ya kati. Ukipata mmoja ukakosa mwingine, una nusu ya daraja. Mkataba wa bara zima unaondoa kazi hiyo ya kuzunguka nchi moja hadi nyingine kwa sababu wote wanatoa kwa mpigo, ila unafanya kazi kati ya waliosaini na kutekeleza tu.

Turudi kwenye ile ndege ya mizigo, maana hesabu ni ileile. Air Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo mwaka 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kuijaza kwa safari ya kuja Dar kutoka miji ya biashara ya Asia si kazi kubwa sana, kwa kuwa tunanunua mengi huko. Tabu ni kurudi. Nairobi ina maua na mboga zinazosafirishwa kwa ndege kila siku. Ndege inayorudi Asia kwa kupitia Nairobi inalipa; inayorudi moja kwa moja ikiwa na nusu ya mzigo inakula mfukoni. Kenya ilijua hivyo, na Kenya Airways nayo ina biashara ya mizigo. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa na haki 2024, nitakujibu kwamba kama hati ya 2016 ilisema kama TCAA ilivyosema, Kenya ilikosea. Ila sababu yake naielewa kabisa.

Jambo moja katika kisa kile linanikera hadi leo. Mikataba ya anga kwa kawaida inataka taarifa ya miezi 12 kabla ya kujitoa. Uingereza ilipochoka na mkataba wa Bermuda ilitoa taarifa Juni 1976, na mkataba mpya ukasainiwa Julai 1977. Abiria waliendelea kusafiri muda wote huo. Tanzania haikujitoa kwenye chochote. Iliondoa kibali cha safari zenyewe, kwa notisi ya siku saba. Kibali cha ratiba ndicho bomba lenyewe la kufungia maji, na liko mikononi mwa mamlaka ya anga, si mikononi mwa mabalozi. Mwaka 2020 ilikuwa vivyo hivyo: Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini, Tanzania ikaizuia Kenya Airways kuanzia tarehe 1 Agosti, kisha mwishoni mwa mwezi ikaongeza Fly540, Safarilink na AirKenya. Mambo yakarekebishwa Septemba. Mikataba ilikuwa mezani muda wote huo, hai kabisa.

Upi na nani

Sioni sababu ya nchi kusaini mkataba wa sura moja na kila mtu. Ningechagua kwa kuangalia nani yuko upande wa pili wa meza.

Na jirani ambaye watu wake na wetu wanaingiliana kila siku, kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ningefungua uhuru wa tatu na wa nne kabisa: mashirika yoyote, viwanja vyovyote, miruko bila hesabu. Kuwabana hapo ni kuwabana watu wetu wenyewe. Zanzibar, Arusha na Mwanza zinapata watalii na wafanyabiashara ambao wangekuja bila kujali ndege ina bendera ya nani. Uhuru wa tano wa abiria ningeutoa kwa pointi zilizotajwa, na kwanza zile ambazo hakuna shirika la pande zote mbili linaloruka, kwa muda wa majaribio wa miaka kadhaa. Wa mizigo ningeufungua wote, kwa sababu ndege ya mizigo ya kwetu inauhitaji zaidi kuliko inavyouogopa.

Na nchi za mbali zinazoleta watalii na ambazo mashirika yetu hayataruka huko karibuni, anga huria haitugharimu kitu. Tunapata viti, hatupotezi soko ambalo hatuna. Mkataba na Marekani ni wa namna hiyo.

Na nchi zenye mashirika makubwa ya kuunganisha abiria, yaani Ghuba, Uturuki na Ethiopia, ningekuwa mwangalifu, na sababu ni ule uhuru wa sita usioandikwa. Wakikuletea miruko mitatu kwa siku hawajaja kuchukua watu wa Dar wanaokwenda Doha au Istanbul tu. Wanachukua wanaokwenda London, Guangzhou na Toronto, abiria ambao shirika lako likikua lingewataka. Mtu asiyepanga kuwa na shirika la masafa marefu awaache waje bila kikomo, abiria watanufaika sana. Anayepanga kuwa nalo, kama Tanzania na Uganda zinavyosema, aongeze miruko hatua kwa hatua na kila nyongeza aibadilishe na kitu: nafasi nzuri za kutua kwenye uwanja wao, au tiketi za pamoja na shirika lake. Sisemi awafungie mlango. Utalii wa Zanzibar bila mashirika hayo ungekuwa mdogo mno.

Na mkataba wa bara? Ningeusaini, ila nisingeutegemea peke yake. Kenya ilikuwa ndani ya soko moja la Afrika tangu 2018, na bado 2024 ilisita kumpa uhuru wa tano jirani aliyekuwa nje yake. Aliye nje hana cha kudai. Anayeingia naye atakuta wenzake wengi bado wanafuata ile mikataba ya zamani ya watu wawili pale inapowafaa. Faida ya hakika ya kuingia ni kile kipengele cha umiliki, na kwamba ugomvi unakuwa na mahali pa kupelekwa zaidi ya simu ya waziri kwa waziri.

Kwa msafiri wa kawaida, haya yote yanageuka kuwa swali dogo anapokata tiketi. Ukikata Dar hadi London kupitia kituo cha nchi jirani, safari yako inasimama juu ya mikataba miwili, na ule wa jirani ndio unaovunjika kirahisi. Tiketi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho, si mbili ulizounganisha mwenyewe, ili kibali kikifutwa shirika liwajibike kukutafutia njia nyingine.

Na siku serikali itakapotangaza mkataba mpya wa anga, usisome hotuba. Tafuta kiambatisho cha njia, ukurasa wa mwisho kabisa, wenye safu nne: pointi za kuondokea, za kati, za kufikia na za mbele. Safu ya kwanza na ya tatu ndizo uhuru wa tatu na wa nne. Ya pili na ya nne ndizo uhuru wa tano. Ukikuta kwenye hizo mbili pameandikwa kwamba pointi zitakubaliwa baadaye, uhuru wa tano bado haujatolewa, hata kama waziri amesimama mbele ya kamera akasema umetolewa.